Grupu la watu 412 lilinifia mkononi, la mafundi 60 ndilo linaloishi: sheria tano tulizoanza nazo

Wiki iliyopita mmoja wenu aliuliza kwenye maoni: "Nimefungua grupu la wateja wangu la WhatsApp, lakini limejaa matangazo na picha za asubuhi njema. Nilifunge au niliache?" Nikamwahidi nitajibu kwa kirefu, maana hilo nimelipitia mwenyewe, na lilimgharimu mteja wangu hela yake.

Mimi nauza vifaa vya ushonaji mtandaoni. Uzi, sindano, zipu, bitana, vifungo na mikasi. Wateja wangu wengi ni mafundi wanaoshonea nyumbani, wenye cherehani moja au mbili. Miaka miwili iliyopita nilifungua grupu la kwanza. Nilichofanya ni kile wengi wetu tunafanya: nilichukua namba zote za wateja kwenye simu, nikawaingiza kwa mpigo bila kuwauliza, halafu nikatupia linki kwenye stetasi ili yeyote aingie. Ndani ya wiki tatu tulikuwa watu 412. Nilijiona nimefika.

Sikuandika sheria hata moja. Mwezi wa kwanza watu waliuliza habari za uzi na mitindo. Mwezi wa pili zikaanza picha za maua, mahubiri, linki za kubeti, na "tuma kwa watu kumi upate bando". Mafundi wazuri, wale wenye kujua kazi, wakaanza kutoka kimyakimya mmoja mmoja. Mwezi wa tatu akatokea mtu akaposti cherehani iliyotumika, picha safi, shilingi 185,000. Mteja wangu mmoja, dada anayeanza ushonaji, akamtumia hela yote ili asiwahiwe. Cherehani haikuja, simu ikazimwa. Nilipoangalia, yule mtu alikuwa ameingia kwa ile linki ya stetasi siku nne tu kabla.

Yule dada hakunilaumu kwa maneno makali. Alisema tu, "Dada, mimi nilijua humo ndani ni watu wako." Hapo ndipo nilielewa. Ukifungua grupu kwa jina la biashara yako, kila aliyemo anaonekana umemdhamini. Nikalifunga, nikakaa miezi miwili, nikaanza upya. Haya ndiyo niliyoyafanya mara ya pili.

Sentensi moja kwanza, jina baadaye

Grupu la kwanza liliitwa kwa jina la duka langu. Sasa mtu akijiunga na grupu la duka, aongee nini? Hana cha kuongea, kwa hiyo anatuma maua. Safari hii nilianza na sentensi moja: "Hapa mafundi wanaoshonea nyumbani tunasaidiana matatizo ya cherehani, vipimo na ukataji."

Ukiisoma utaona inabagua. Mwenye kiwanda cha sare hayumo. Mteja anayetafuta gauni la harusi hayumo. Anayetaka kuuza mitumba hayumo. Iliniuma, maana wote hao hununua kitu. Lakini kipimo changu ni hiki: mtu akituma ujumbe, mwanachama yeyote aweze kusema ndani ya sekunde mbili kama uko mahali pake au hauko. Kama wewe mwenye grupu unahitaji kufikiria, sentensi yako bado ni pana. "Grupu la akina mama wajasiriamali" haliwezi kusimamiwa, kwa sababu kila kitu kinaingia. "Grupu la wanaopika vitumbua vya kuuza" linaweza.

Watu 23, kila mmoja kwa ujumbe wake

Sikumwingiza mtu yeyote. Niliandika majina ya wateja ambao walikuwa wakiniuliza maswali ya kifundi, nikapata 23. Kila mmoja nikamtumia ujumbe wake: "Nafungua grupu dogo la mafundi wa nyumbani la kusaidiana matatizo ya mashine na ukataji. Namba yako itaonekana kwa wenzako walioko humo. Sheria ni hizi hapa. Ukikubali nijibu NDIYO nikutumie linki." Waliokubali walikuwa 19.

Hiyo sentensi ya namba usiiruke. Kwenye grupu la kawaida la WhatsApp, kila mwanachama anaona namba za wote. Ukimwingiza mteja bila kumuuliza, umegawa namba yake kwa watu asiowajua, na matapeli wanapenda sana magrupu ya hivyo kwa sababu hiyo hiyo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya mteja ni taarifa yake, si mali yako kwa kuwa tu alinunua zipu kwako.

Kati ya wale 19, wawili walikuwa mafundi wakongwe. Niliwaomba kabla, kwa heshima, kama wangekuwa tayari kujibu maswali wanapopata nafasi. Grupu jipya likikosa wanaojibu, swali la kwanza litakaa siku nzima bila jibu, na la pili halitaulizwa.

Sheria tano, kama zilivyo

Hizi ndizo tulizobandika kwenye maelezo ya grupu. Zipo tano kwa sababu zaidi ya hapo hakuna anayezikumbuka.

1. Humu ni matatizo ya cherehani, vipimo na ukataji tu. Salamu, dua na vichekesho tutumiane inbox.
2. Ukiuliza, taja aina ya mashine, kitambaa, namba ya sindano, na utume picha ya mshono juu na chini.
3. Ukisaidika, andika neno JIBU kisha eleza kilichokusaidia kwa sentensi moja.
4. Biashara ni Jumamosi tu, tangazo moja kwa mtu, lenye bei. Hakuna kutuma hela kabla ya kuona mzigo.
5. Kosoa kazi, usimkosoe mtu. Picha ya kazi ya mwenzako haitoki nje ya grupu.

Sheria ya pili ndiyo iliyobadilisha grupu kuliko zote, ngoja nikuonyeshe. Kwenye grupu la zamani mtu alikuwa anaandika "Jamani cherehani yangu inasumbua, msaada." Wanajibu ishirini, kila mmoja na lake: paka mafuta, badilisha mkanda, ipeleke kwa fundi, ina majini. Muulizaji anachoka.

Kwenye grupu jipya, wiki ya pili, dada mmoja aliandika hivi: cherehani ya miguu, kitenge, sindano namba 14, uzi unajikunja na kufanya fundo upande wa chini. Akaweka picha mbili. Alikuwa ameshafungua kikopo cha bobini mara tatu, akakaza na kulegeza skrubu bila mafanikio. Mzee mmoja fundi akamjibu kwa mstari mmoja: "Fundo likiwa chini, kosa huwa juu. Inua mguu wa cherehani, toa uzi wote, pitisha upya." Kwa sababu mguu ukiwa umeshuka, vile visahani vinavyobana uzi vinakuwa vimefunga, uzi unapita juu juu bila kuingia katikati yake. Hapo uzi wa juu unakosa mkazo, unazama chini kwa wingi na kujisokota. Dakika kumi baadaye yule dada akaandika: "JIBU: fundo la uzi chini. Nilikuwa napitisha uzi mguu ukiwa chini."

Angalia kilichotokea. Bila picha ya upande wa chini na bila kusema fundo liko wapi, mzee asingejua. Na bila neno JIBU, lile somo lingezama chini ya meseji 200. Sasa mtu yeyote akifungua sehemu ya kutafuta ndani ya grupu, akaandika JIBU fundo, analipata. Ndiyo maana tunataka JIBU liwe la kuandika, si la sauti. Ujumbe wa sauti tunaruhusu, maana fundi mikono yake iko kwenye kitambaa, ila usizidi dakika moja, na huwezi kuutafuta kwa neno. Kumbuka pia kwamba kwa kawaida anayejiunga leo haoni yaliyoandikwa kabla yake. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nakusanya JIBU zote kwenye ujumbe mmoja na kuurusha upya. Kazi ya nusu saa.

Sheria ya nne imetokana na zile shilingi 185,000. Sikupiga marufuku biashara kabisa, kwa sababu ukifanya hivyo watu wataanza kufuatana inbox, huko ambako huoni kitu. Siku moja yenye mipaka ni rahisi kuisimamia. Na tangazo lisilo na bei tunalifuta, maana "njoo inbox" ndiyo mlango ambao tapeli anaupenda.

Mipangilio ya dakika tano

Fungua taarifa za grupu, nenda `Group permissions`. Majina yanaweza kutofautiana kidogo kwa toleo la simu yako. Mimi nimeweka hivi:

Kuhariri jina na maelezo ya grupu: maadmini peke yao. Kuongeza watu: maadmini peke yao. `Approve new members`: imewashwa, kwa hiyo hata mwenye linki anasubiri nimkubali. Kabla ya kumkubali namtumia swali moja tu: "Unashonea mashine gani, na nani amekuelekeza kwetu?" Fundi anajibu mara moja. Mtu wa kubeti hajibu kabisa.

Linki ikivuja, bonyeza `Reset link`, ile ya zamani inakufa. Ujumbe wa sheria unaubandika juu kwa `Pin`, na muda mrefu zaidi ni siku 30, kwa hiyo weka kikumbusho cha kuubandika tena. Kama admini unaweza pia kufuta ujumbe wa mtu mwingine ukafutika kwa wote. Ubonyeze kwa muda, chagua kufuta.

Kuna kitufe kimoja watu wanakikimbilia sana: cha kufanya maadmini pekee ndio waandike. Mimi nakitumia usiku tu mambo yakichafuka, au nikisafiri. Ukikiacha muda wote hujapata grupu, umepata ubao wa matangazo. Hata hivyo, kama unachotaka ni kutangaza bidhaa tu, fanya hivyo kwa uwazi na usiite jumuiya.

Mtu akivunja sheria

Hapa ndipo wengi tunaharibu. Ama tunanyamaza hadi tunachoka, halafu tunafukuza watu watano kwa hasira siku moja. Ama tunamsema mtu mbele ya wote, naye anaondoka na rafiki zake.

Sisi tuna ngazi tatu. Kosa la kwanza: nafuta ujumbe, kisha namwandikia inbox, "Habari dada, nimeondoa lile tangazo kwa kuwa leo ni Jumanne. Karibu sana Jumamosi." Basi. Kosa la pili ndani ya mwezi: nafuta na kumkumbusha kwamba la tatu atatoka kwa siku 30. Kosa la tatu: anatoka, na tarehe ya kurudi namwambia. Nimeandika kwenye daftari jina, tarehe na kosa, ili nisimwonee mtu kwa kusahau au kumpendelea kwa kumjua.

Mambo mawili hayana ngazi: utapeli na matusi. Hapo mtu anatoka saa hiyo hiyo, na grupu linaambiwa kwa nini. Ukipata ujumbe wa kitapeli wa "tuma kwa namba hii", Tanzania unaweza kuupeleka kwenda 15040, kisha uwatahadharishe wenzako.

Mtihani wangu ulikuja mwezi wa nne. Mteja wangu mkubwa kuliko wote, mama ambaye ananunua bitana kwangu kwa marobota, alianza kuposti vitenge vyake kila siku. Nilimwandikia inbox mara ya kwanza. Akacheka, akaendelea. Mara ya pili nikampigia simu: "Mama, shikamoo. Nakuomba unisaidie. Nikikuachia wewe, kesho siwezi kumzuia mtu mwingine." Akakasirika, wiki mbili hakuagiza kitu. Nilikosa usingizi, sitadanganya. Kisha akarudi, na sasa anaposti Jumamosi. Angeweza pia asirudi, na ningebaki na hasara hiyo. Ila wale mafundi wengine walikuwa wanaangalia, na kama ningemwachia, sheria ya nne ingekufa siku ile ile.

Sheria inapokugusa wewe mwenyewe

Sasa lile gumu zaidi, ambalo linatuhusu sisi wauzaji hasa. Wewe ni admini na pia una mali ya kuuza. Siku mtu akisema mali yako mbaya, kitufe cha kufuta kiko mkononi mwako.

Ilinitokea. Fundi mmoja aliandika saa nne usiku: "Huu uzi mweusi niliochukua kwa admini unakatika katika. Nimebadilisha sindano, nimelegeza mkazo, bado." Akaweka picha, akataja mashine, kitambaa na sindano namba 14. Yaani alifuata sheria ya pili neno kwa neno. Wengine wawili wakasema na wao hivyo hivyo. Kidole changu kilishafika kwenye kufuta. Nilijiambia, hii ingekuja inbox.

Niliweka simu chini. Asubuhi nikachukua rola tatu za uzi ule ule, nikavuta kwa mkono. Zilikatika kirahisi kuliko uzi wa rangi nyingine. Mzigo ule ulikuwa umekaa muda mrefu, na uzi ukizeeka au kukaa kwenye jua na joto unapoteza nguvu. Nikaandika kwenye grupu: "JIBU: uzi mweusi wa mzigo ule ni mbovu, kosa ni langu. Aliyechukua aniandikie, nitambadilishia." Nilibadilisha rola 31. Iliuma kwenye mfuko. Lakini kama ningefuta, watu watatu wangejua kwamba humo ndani ukweli unafutwa, na kufikia jioni wangejua wote.

Tangu siku hiyo tuna kanuni ya pembeni: malalamiko kuhusu mali yangu siyafuti mimi. Admini wa pili, yule mzee fundi, ndiye anayeamua kama yamevunja sheria. Na mimi natangaza Jumamosi tu, tangazo moja, lenye bei, kama wengine. Mtu akiuliza sindano ipi inafaa, naruhusu wengine wajibu kwanza. Wakitaja duka la mwingine, sawa.

Utajuaje kama linaenda vizuri

Usihesabu watu. Kila Jumapili naangalia vitu viwili: maswali mangapi yalikaa siku nzima bila kujibiwa, na majibu yametoka kwa watu wangapi tofauti. Maswali yasiyojibiwa yakifika matatu kwa wiki, naenda kuwaomba wanaojua. Majibu yakitoka kwangu peke yangu, ni onyo kwamba nimelifanya dawati la huduma, na nitachoka.

Dalili nyingine: wazoefu wakianza kukaa kimya, usingoje. Waulize inbox kinachowakera. Kwetu waliniambia maswali yanajirudia. Ndipo tulipoanza ule mkusanyiko wa JIBU wa kila mwezi, na sasa mgeni anaelekezwa huko kwanza.

Leo tuko 60. WhatsApp inaruhusu hadi watu 1,024 kwenye grupu, lakini mimi nikifika 80 nitasimama hadi nipate admini wa tatu. Linanichukua kama dakika ishirini kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni. Mauzo? Sio kwamba yamepanda ghafla. Kilichobadilika ni kwamba naagiza mzigo nikijua kinachotakiwa. Walipouliza mara nne kuhusu sindano za jinzi, nikaleta namba 16, na hazikukaa dukani.

Yule dada wa shilingi 185,000 nilimtafuta nilipofungua la pili. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akasoma zile sheria, akaniuliza, "Na hii ya nne, ukiivunja wewe je?" Nikamwambia nitatoka kama wengine. Akaingia. Mwezi uliopita alinunua cherehani Jumamosi, kwa mwanachama anayeishi mtaa wa tatu kutoka kwake. Alienda na binti yake, akashonea kipande cha kitambaa pale pale, akageuza akaangalia mshono wa chini, ndipo akatoa hela.

Wewe grupu lako lina sentensi gani moja? Iandike hapo chini, na wenzako wakuambie kama wameielewa ndani ya sekunde mbili.